Vibuyu viwili, maziwa ya sufuria moja: kwa nini mursik moja iliganda na nyingine ikavimba

Nyumba ni ya kaunti ya Nandi, mwezi ni Julai, wakati mvua na baridi vimeshikana. Wiki iliyofuata kulikuwa na koito, ile sherehe ya kuposa ambapo wazee wa pande mbili hukutana, na haiwezi kupita bila mursik, yale maziwa ya Wakalenjin yanayochachushwa ndani ya kibuyu. Mama mwenye nyumba alichukua maziwa ya jioni na ya asubuhi, akayachemsha pamoja kwenye sufuria moja, akayaacha yapoe, kisha akayamimina kwenye vibuyu viwili. Kimoja kilikuwa sotet ya zamani ya mama mkwe wake, yenye kumeza kama lita tatu. Cha pili kilikuwa cha ukubwa uleule, kipya, cha kununua sokoni. Vyote viwili vilipakwa ndani makaa ya tawi lilelile la mti wa senetwet, vikafunikwa, vikawekwa bega kwa bega kwenye stoo.

Siku ya tatu kifuniko cha kibuyu kipya kilikuwa kimeinuka na povu linachungulia mdomoni. Harufu ilikuwa ya zizi. Kibuyu cha zamani kilikuwa kimetulia, na kilipotikiswa kidogo ulisikia donge moja zito likigonga ukuta.

Niliitwa kwa sababu kazi yangu ni maziwa: ninafundisha wafugaji usafi wa kukamua na usindikaji mdogo wa nyumbani. Nimeona mursik nyingi zikiharibika, lakini kisa hiki kina thamani ya pekee. Maziwa ni yale yale, mti ni ule ule, siku ni ile ile na stoo ni ile ile. Kilichotofautiana ni kibuyu tu, kwa hiyo mtu anaweza kuona waziwazi kibuyu kinafanya nini na hakifanyi nini.

Tulichokikuta

Nilianza na karatasi za kupima pH, yaani kiwango cha uchachu, zile zinazobadilika rangi: namba ikishuka, uchachu umezidi. Maziwa mabichi huwa kati ya 6.6 na 6.7. Yakifika karibu 4.6 huganda yenyewe bila moto, kwa kuwa protini yake kuu hushindwa kuendelea kuelea na kujishika pamoja. Kibuyu cha zamani kilisoma karibu 4.2. Kile kipya kilisoma zaidi kidogo ya 5, maana yake uchachu ulikuwa umeanza lakini haujafika popote.

Tulimimina kidogo cha kila kimoja kwenye bakuli nyeupe. Mursik ya zamani ilitoka kama donge laini lililokatika vipande vikubwa vinavyong'aa, na majimaji machache ya kijani-manjano pembeni. Punje ndogo za makaa zilikuwa zimetawanyika ndani, na ilipokorogwa ikachukua ile rangi ya kijivu-buluu inayojulikana. Ya kipya ilikuwa na vipande vilivyotoboka matundu madogo madogo kama sponji, vikielea juu ya majimaji mengi. Ukikibonyeza kipande kwa kijiko, hewa inatoka.

Matundu hayo ndiyo ushahidi wa kwanza, ila hewa ndani ya mursik inaweza kutoka kwa viumbe wa aina mbili tofauti kabisa, na watu wengi huwachanganya. Kundi moja ni hamira za porini, ambazo hukaa kwenye mursik nyingi za kawaida. Hizo hutengeneza hewa na kileo kidogo, lakini kwa kawaida huchelewa: hushamiri baada ya maziwa kuwa tayari yamechachuka, kwa sababu uchachu hauzisumbui. Mursik ya aina hiyo hutoa mvuke mdomoni, inachoma ulimi kidogo na inanusa kama busaa changa. Kundi la pili ni kolifomu, bakteria wanaotoka kwenye kinyesi, udongo na maji machafu. Hawa hufanya kazi mapema, maziwa yakiwa bado matamu, na hutoa hewa nyingi na harufu ya zizi. pH ikishuka chini ya 4.4 hivi, wengi wao hushindwa kuongezeka.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mwenye kibuyu si "Je, kuna povu?" bali ni "Povu lilikuja lini, kabla ya uchachu au baada yake?" Hapa lilikuja kabla. pH ya 5 na povu, pamoja na harufu ile, vilinielekeza kwa kolifomu. Nikasema maziwa hayo yamwagwe, na wala ndama asipewe.

Washukiwa watatu

Mama mkwe, ambaye wote pale nyumbani wanamwita Kogo, alikuwa na neno lake. Alisema kosa ni kuchemsha. Enzi zake maziwa yalitoka kwenye ng'ombe yakaenda kwenye kibuyu, na hakuona kibuyu kikivimba hovyo namna hii. Mama mwenyewe alishuku senetwet, kwamba pengine tawi lilikuwa bichi mno. Kijana wa nyumba alishuku ng'ombe, kwa kuwa mmoja wao alikuwa ametibiwa ugonjwa wa kiwele mwezi uliotangulia.

La ng'ombe lilikuwa rahisi kuliondoa. Dawa ya kuua bakteria ikibaki kwenye maziwa, huwazuia bakteria wa kuchachusha kufanya kazi, na maziwa hukaa matamu kwa siku nyingi au njia hufunguka kwa wale wasiosikia dawa hiyo, wakiwemo baadhi ya kolifomu. Dalili zake zingeweza kufanana kabisa na za kibuyu kipya. Lakini maziwa ya kibuyu cha zamani yalitoka sufuria hiyo hiyo na yakashuka hadi 4.2. Dawa isingechagua kibuyu. Nakiri swali la kijana lilikuwa zuri, na lingekuwa ndilo la kwanza kama vibuyu vyote viwili vingegoma.

La senetwet nalo halikusimama, maana tawi ni moja. Tofauti haikuwa kwenye mti, ilikuwa kwenye namna makaa yalivyopakwa. Kibuyu cha zamani mama alikiosha kwa maji ya moto, akakisugua kwa sosiot, ule mswaki mrefu wa ufito wa mtende, akakiacha juu ya meko usiku kucha mdomo ukiangalia chini. Asubuhi alichoma ncha za senetwet mpaka zikawa makaa mekundu, akaingiza kaa likiwa hai, akalisaga kwa sosiot kwenye ukuta huku akizungusha kibuyu. Akarudia mpaka ukuta ukawa wa moto mkononi na mweusi wote, kisha akakung'uta masizi ya ziada.

Kibuyu kipya alikikwangua nyama ya ndani, akakiosha kwa maji ya tangi la paa, akakianika. Lakini ilikuwa Julai, na jua halikutoka. Alipoingiza kaa, lilizimika kwa mlio wa kuunguza maji. Akaingiza jingine, nalo likazimika upesi. Alisaga makaa yaliyopoa, yakapaka chini na kwenye tumbo, na mdomo ukiwa mwembamba sosiot haikufika vizuri kwenye mabega.

Tulipokimwaga nilimulika ndani kwa tochi. Chini palikuwa peusi, tumbo lilikuwa na mabaka, na kuzunguka mabega palikuwa na mkanda wa rangi ya kahawia hafifu, bila makaa, ukiwa na utelezi unaong'aa. Mstari wa juu wa maziwa ulikuwa umeishia hapo hapo. Nilipitisha kijiti na kikatoka na ute.

Moshi unafanya nini hasa

Wengi husema moshi unaua vijidudu, kwa hiyo mursik ni salama. Sentensi hiyo ina ukweli kidogo, na ile sehemu isiyo kweli ndiyo inayoumiza watu.

Kaa lililo hai likigusa ukuta wa kibuyu, joto huukausha na kuua vilivyo juu ya uso wake. Moshi huacha fenoli na jamii zake, pamoja na kiasi kidogo cha asidi na formaldehaidi, vitu ambavyo huzuia ukungu na bakteria wengi kuota pale pale vilipogandia. Unga wa makaa nao huziba vitundu vikubwa vya ukuta na kunyonya uchungu na harufu ya kibuyu kibichi. Lakini makaa yenyewe hayaui kitu. Makaa yaliyopoa yakipakwa kwenye ukuta wenye maji ni rangi tu. Joto na ukavu ndivyo vilivyokosekana kwenye kibuyu kipya.

Na hata upakaji mzuri hauyatibu maziwa. Fenoli zinazoingia kwenye lita tatu za maziwa ni chache mno kuua chochote kilichomo. Kazi yake kubwa ndani ya maziwa ni ladha. Fenoli hupenda mafuta, kwa hiyo hujikusanya kwenye malai inayopanda juu, na ndiyo maana mursik isiyotikiswa huwa kali ya moshi juu na pooza chini. Anayeijua kazi hutikisa kibuyu taratibu kabla ya kumimina ili mafuta, donge na punje za makaa virudiane.

Kilicho muhimu zaidi kwa usalama ni kwamba moshi huchagua nani abaki ukutani. Ukuta wa kibuyu ni kama mbao laini: una vitundu vingi na hausafirishi joto vizuri. Uso ukiwa wa moto wa kuunguza, ndani kidogo tu ya ukuta joto huwa ni la kawaida. Bakteria wa kuchachusha, hasa laktobasili, wamejificha humo kwenye mabaki makavu ya maziwa ya miaka, na wao huvumilia ukavu, uchachu na fenoli kuliko kolifomu. Kila mara kibuyu kinapooshwa, kukaushwa na kupakwa makaa, wale dhaifu hupungua na hawa wagumu hubaki. Kibuyu kilichotumika hivyo kwa miaka kina jeshi lake tayari. Kipya hakina.

Hapo ndipo hoja ya Kogo ilipopata uzito wake, na nilimwambia hivyo. Maziwa mabichi huja na bakteria wao wa kuchachusha kutoka kwenye chuchu, mikono na kiriba au ndoo ya kukamulia. Hata yakiwekwa kwenye kibuyu kipya, yana mbegu ndani. Ukiyachemsha unaua mbegu pamoja na magonjwa. Maziwa yanaingia kwenye kibuyu yakiwa matupu, na yeyote atakayekuwa wa kwanza ukutani ndiye atakayeyamiliki. Kwenye kibuyu cha zamani wa kwanza walikuwa laktobasili. Kwenye kipya, chenye unyevu wa maji ya tangi mabegani, wa kwanza walikuwa kolifomu. Kuchemsha hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kuchemsha na kutopanda mbegu mahali ambapo haipo.

Baridi iliongeza tatizo. Stoo ilikuwa na nyuzi 16 hivi za selsiasi. Bakteria wengi wa mursik hufanya kazi vizuri kati ya 20 na 30. Kwenye 16 huenda polepole, na kila saa maziwa yanapokaa bila uchachu ni saa ya kolifomu kuzaliana. Kibuyu cha zamani kilikuwa na bakteria wa kutosha kushinda hata kwa mwendo huo.

Mitungi mitatu ya kioo

Sikutaka tuishie kwenye kukisia. Tulichemsha mitungi mitatu ya kioo pamoja na vifuniko vyake, tukachemsha maziwa mapya, tukayaacha yapoe yakiwa yamefunikwa, tukajaza mitungi yote. Wa kwanza hatukuweka kitu. Wa pili tuliweka kijiko cha maji yaliyochemshwa na kupoa ambayo tuliyatumia kusuuza mabega ya kibuyu kipya. Wa tatu tuliweka kijiko cha mursik ya kibuyu cha zamani. Yote ikakaa karibu na ukuta wa jiko ambako ni vuguvugu.

Kesho yake jioni mtungi wa tatu ulikuwa umeganda donge moja bila tundu, na harufu ilikuwa safi, chachu yenye siagi kidogo. Wa pili ulikuwa na mapovu kwenye ukuta wa kioo, donge limechanika, na harufu ile ile ya zizi. Wa kwanza ulikuwa bado maziwa.

Mtungi wa kwanza ndio ulioondoa shaka kabisa. Ungevimba, tungejua kwamba uchafu ulitoka kwenye maziwa au kwenye mikono yetu. Haukuvimba, kwa hiyo chanzo kilikuwa ukuta wa kibuyu. Jaribio hili halihitaji maabara, na mtu anayenunua kibuyu kipya anaweza kulifanya kabla ya kukiamini na maziwa ya sherehe.

Kukirekebisha kibuyu

Kibuyu kipya hakikutupwa. Tulikisugua kwa maji yanayochemka, na safari hii sosiot ilifungwa kitambaa safi kwenye ncha na kupindwa kidogo ili ifike mabegani. Tukarudia mpaka maji yakatoka meupe. Kikakaushwa juu ya meko usiku wawili, si mmoja. Kipimo cha ukavu alikitoa Kogo: ingiza kaa moja, likiendelea kuwa jekundu huku unalizungusha, kibuyu kimekauka, likizimika kwa mlio, kirudishe juu ya meko. Sijaona kipimo bora zaidi ya hicho.

Kisha makaa hai yalipakwa, kibuyu kikilazwa ubavu ili kaa lisuguliwe kwenye mabega nalo. Mabega yalipokuwa meusi sawa na tumbo, tuliziba mdomo, tukakiacha na moshi wake kipoe, ndipo masizi yaliyolegea yakakung'utwa. Hilo la kukung'uta lisirukwe. Masizi mengi hayaongezi usalama, huongeza uchungu, na moshi wa kuni pia hubeba kemikali za jamii inayohusishwa na saratani. Unahitaji utando mwembamba ulioshika ukuta, si unga unaoelea.

Maziwa yalichemshwa, yakapozwa mpaka yakawa vuguvugu, si ya moto wala baridi. Kwa lita tatu tuliweka vijiko vinne vya mezani vya mursik ya kibuyu cha zamani, yaani kama sehemu mbili kwa mia. Kijiko kimoja kingetosha mahali penye joto, lakini kwa baridi ile nilitaka kundi kubwa lianze mbio mbele. Kibuyu kilifungwa kwa blanketi karibu na jiko siku ya kwanza, kisha kikahamishiwa stoo baada ya kuganda. Siku ya pili karatasi ilisoma karibu 4.5, na siku ya koito 4.2. Hakuna kifuniko kilichoinuka.

Ladha, hata hivyo, haikufanana. Ya kibuyu kipya ilikuwa safi lakini nyepesi: uchachu mmoja ulionyooka na moshi juu yake. Ya zamani ilikuwa na uchachu wa maziwa, ukali mdogo wa siki unaotokana na bakteria wanaotengeneza asidi zaidi ya moja, siagi nyuma yake, na mguso wa hamira mwishoni. Wazee walitambua papo hapo ipi ni ipi. Mbegu ya vijiko vinne huwabeba bakteria wengi kuliko wote, lakini wale wachache wanaojenga ladha hukaa ukutani na hujikusanya polepole. Mama alizichanganya kwenye kibuyu kikubwa cha kumiminia, na huo ulikuwa uamuzi mzuri.

Hatari ambazo uchachu hauziondoi

Kogo aliuliza swali ambalo nililipenda: kama uchachu ndio unaoshinda wabaya, kwa nini tusirudi kwenye maziwa mabichi na kungoja tu yachachuke vizuri?

Jibu liko kwenye tofauti kati ya kuzuia na kuua. Uchachu wa 4.2 huzuia bakteria wengi wabaya kuongezeka. Wale walioingia tayari hufa polepole, na baadhi huchukua siku nyingi. Bakteria wa bruselosi, ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe mimba na kumpa mtu homa za kurudi rudi na maumivu ya viungo, wanaweza kuwa hai kwenye maziwa yaliyoganda tayari. Wa kifua kikuu cha ng'ombe ni wagumu zaidi. Kuchemsha huwaua wote kwa dakika chache. Nilimwambia Kogo kwamba yeye alikua akinywa mabichi akapona, lakini bruselosi haisikiki kwenye ladha, na anayeugua mara nyingi huitwa mgonjwa wa malaria kwa miezi. Ladha anayoikumbuka tunaweza kuirudisha kwa mbegu nzuri na kibuyu kilichokomaa. Alinyamaza, kisha akasema basi mbegu itoke kwenye kibuyu chake yeye. Tulikubaliana.

Kuna hatari mbili ambazo hata kuchemsha hakuzigusi. Ya kwanza ni sumu ya ukungu. Ng'ombe akilishwa mahindi yaliyoota ukungu, aflatoksini hupita kwenye maziwa, na moto wa jikoni haumalizi, wala kibuyu. Dawa yake iko kwenye ghala la malisho. Ya pili ni maziwa ya jioni kukaa ya uvuguvugu usiku kucha kabla ya kuchemshwa, hasa kama ng'ombe ana kiwele kibovu. Aina fulani ya bakteria wa kiwele hutoa sumu inayostahimili kuchemka, kwa hiyo utaua bakteria na sumu itabaki, na mnywaji atatapika ndani ya saa chache. Baridi ya Nandi iliwasaidia hapa, lakini nilimshauri mama achemshe maziwa ya jioni jioni hiyo hiyo. Maziwa ya ng'ombe aliyekuwa akitibiwa nayo yalikuwa yametengwa mpaka muda wa kungoja ulioandikwa kwenye dawa ulipokwisha, na hapo walikuwa sahihi.

Limebaki suala la mursik inayokaa muda mrefu. Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo ya vipimo vya mursik kutoka magharibi mwa Kenya, eneo lenye saratani nyingi ya umio. Walikuta kileo na asetaldehaidi, na katika sampuli nyingi asetaldehaidi ilikuwa ya kiwango kinachoweza kuharibu vinasaba. Hiyo haithibitishi kwamba mursik ndiyo inayoleta saratani hiyo, maana chai ya moto sana, moshi wa jikoni, pombe na tumbaku navyo vinashukiwa. Lakini asetaldehaidi haitokei hewani: hutengenezwa na viumbe walewale wa kibuyu, hasa hamira zinapogeuza sukari ya maziwa kuwa kileo. Kwa hiyo mursik inayochoma pua, inayonusa pombe, au yenye utando mweupe wa hamira juu, mimi siinywi, hata kama haijavimba na hata kama pH yake ni nzuri. Karatasi ya pH haisemi lolote kuhusu hamira. Hapo pua ndiyo chombo.

Baada ya koito kibuyu cha zamani kilibaki tupu, nami nikamwomba mama jambo moja. Akioshe, akikaushe na kukipaka makaa hai kama kawaida, kisha akijaze maziwa yaliyochemshwa bila mbegu yoyote. Nilitaka kuona kama jeshi la ukutani lipo kweli au ilikuwa nadharia yangu. Yaliganda vizuri, bila tundu, ila yalichukua takriban mara mbili ya muda wa maziwa yaliyopandwa mbegu. Bakteria wa ukutani wapo, lakini moto huwapunguza, na huhitaji muda kurudi kwenye wingi wao. Wakati wa joto muda huo haudhuru. Wakati wa baridi ni pengo, na mama sasa hubakiza kikombe cha mursik kwenye mtungi uliochemshwa kila anapoosha kibuyu kati ya Juni na Agosti.